Bei ya Mtoro

Mtumwa aliyetoroka alikuwa na bei, na bei hiyo iliandikwa ndani ya mkataba wa amani: kati ya florini 10 na florini 50, kutegemea umbali wa mahali alipokamatwa. Walioahidi kumkamata na kumrudisha kwa gavana walikuwa wenyewe watoro, na watoto wa watoro.

Niliikuta bei hiyo usiku mmoja nikitafuta kesi ya kuweka kwenye tasnifu yangu ya uzamili. Naandika juu ya kanuni za sheria ya kimataifa ambazo mkataba wowote ukizipinga unabatilika: marufuku ya utumwa, ya mauaji ya kimbari, ya mateso, na nyingine chache. Nimezoea kuziita kanuni shurutishi. Nilitaka kesi ambayo mahakama ilisema waziwazi kwamba mkataba fulani hauna nguvu mbele ya kanuni hizo. Kesi za namna hiyo ni adimu, maana siku hizi nchi zikipanga uovu haziuandiki kwenye karatasi na kuutia sahihi. Hii ilinifurahisha kwa dakika kumi hivi.

Inatoka Suriname, kaskazini mwa Amerika ya Kusini, iliyokuwa koloni la Waholanzi. Wasaramaka ni wazao wa Waafrika waliokimbia utumwa wa mashambani, wakajenga vijiji msituni na kupigana na wakoloni miaka mingi. Tarehe 19 Septemba 1762 pande mbili zikafanya amani. Wasaramaka wakapata uhuru wao na nafasi ya kujitawala, miaka 101 kabla Waholanzi hawajafuta utumwa kwa wengine wote waliobaki mashambani. Katika vifungu vya mkataba huohuo wakaahidi kuwarudisha watakaotoroka baada yao, na wakapewa ruhusa ya kuwauzia Waholanzi mateka wengine kama watumwa.

Sasa ruka hadi 31 Desemba 1987, wakati wa vita vya ndani. Huko Atjoni wanajeshi wa Suriname waliwakamata wanaume wa Kisaramaka zaidi ya 20 wasio na silaha, wakawapiga, wakidai ni waasi. Saba kati yao wakapakiwa kwenye gari la jeshi. Njiani gari likasimama, wakaamriwa kuchimba. Mmoja alijaribu kukimbia, akajeruhiwa, lakini hawakumfuata. Sita waliobaki wakauawa. Yule mmoja alipatikana hai, akasimulia, kisha naye akafa kwa majeraha yake.

Mwaka 1991, mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, Suriname ilikubali kwamba inawajibika. Likabaki suala la fidia: walipwe nani? Sheria ya ndoa ya Suriname ingemtambua mke mmoja aliyeandikishwa, lakini kwa mila ya Wasaramaka mwanamume aweza kuwa na wake zaidi ya mmoja, na ndoa zao haziko kwenye daftari la serikali. Tume iliyosimama upande wa familia ikajenga hoja: watu hawa wanajitawala kwa mila zao tangu mkataba wa 1762, basi mila hizo ndizo zifuatwe.

Majaji wakaufungua mkataba na kuusoma. Katika hukumu ya 10 Septemba 1993 walisema kwamba hata kama makubaliano hayo yangehesabiwa kuwa mkataba wa kimataifa, leo yangekuwa batili kwa sababu yanapingana na kanuni shurutishi iliyozuka baadaye, na kwamba hati ya aina hiyo haiwezi kutumiwa kama hoja mbele ya mahakama ya haki za binadamu.

Hapo ndipo nilipopiga meza. Kisha nikasoma tena, nikaona ni akina nani walioshindwa katika hoja hiyo. Walikuwa wajukuu wa watumwa, wameleta karatasi ya uhuru wa babu zao wakiwa wanadai damu ya ndugu zao, na wakaambiwa karatasi hiyo haifai kwa sababu ina utumwa ndani yake.

Nilimsimulia mwenzangu ninayeishi naye, ambaye si mwanasheria. Akaniuliza, "Lakini bwana, hao wazee mwaka 1762 walikuwa na chaguo gani?" Sikumjibu. Nilijua jibu la kisheria, nikajua pia kwamba hakuuliza hilo.

Jibu la kisheria ni hili. Mkataba una nguvu kwa sababu waliousaini wameridhia. Ridhaa ya mtu hufika mpaka kwenye kilicho chake na kuishia hapo. Hata sheria yetu ya mikataba Tanzania inasema makubaliano yenye lengo haramu ni batili. Mimi na wewe hatuwezi kuandikiana kwamba nikulipe ili umfunge kamba jirani. Kati ya nchi na nchi hakuna bunge la juu la kuzikataza, kwa hiyo kwa muda mrefu wanasheria walidhani mataifa mawili yakikubaliana lolote, limekwisha. Hapa pwani kwetu, mapatano ya mwaka 1845 kati ya Uingereza na Sayyid Said yalikataza kusafirisha watumwa kwenda Arabuni, huku yakiacha wazi usafirishaji kati ya Kilwa na Lamu. Aliyekuwa ndani ya jahazi hakuulizwa. Mtoro wa Suriname naye hakuwepo mezani, ingawa florini zilikuwa zake. Kanuni shurutishi zinamlinda huyo asiyekuwepo, na ndiyo maana ridhaa ya waliokuwepo haiziondoi.

Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba umeliweka jambo hili katika ibara mbili. Ibara ya 53 inahusu mkataba uliopinga kanuni hizo tangu siku ya kusainiwa: huo hufa mzima, wala hukati kipande. Ibara ya 64 inahusu mkataba wa zamani uliokutwa na kanuni iliyozuka baadaye, kama huu wa Wasaramaka. Na hapa nilidhani nimewapata majaji. Ibara ya 44 inakataza kukata vipande chini ya ibara ya 53, lakini ya 64 haikuitaja. Basi kifungu cha watoro kingeweza kukatwa, uhuru na kujitawala vikabaki! Niliandika kurasa nne kwa furaha.

Kilichonikwamisha ni sharti lililo ndani ya ibara hiyohiyo ya 44. Kifungu hukatwa tu ikiwa hakikuwa msingi muhimu uliomfanya mwenzio akubali mkataba wote. Je, Waholanzi wangesaini bila ahadi ya kurudishiwa watoro? Mashamba yao yalisimama juu ya hofu ya mtu kutoroka; msitu wenye kijiji huru kinachompokea kila mtoro ungeyamaliza. Sioni namna wangesaini. Ahadi ile ndiyo waliyokuja kuinunua, na walilipa kwa uhuru wa wale waliokuwa tayari msituni.

Kwa fidia, familia hazikuondoka mikono mitupu. Majaji waliona kwamba sheria ya ndoa ya Suriname haikuwa na nguvu kule msituni, wakafuata mila kwa sababu watu wanaishi nayo, bila kuutegemea mkataba. Wajane wakatambuliwa kwa jinsi walivyoolewa. Suriname ikaamriwa pia kufungua tena shule ya kijiji cha Gujaba na kuendesha zahanati yake.

Kurasa zile nne bado ziko kwenye kompyuta yangu. Msimamizi wangu anataka niamue kabla ya mwisho wa mwezi: nizifute, au nitafute njia ya kuonyesha kwamba wazee wale wangepata amani bila kumtoa mtu. Nimesoma vifungu vile tena jana. Wazee na machifu wao wametajwa. Wa florini 50 hana jina.