Utulivu wa Meneja: Subira au Pazia?



Sisi tuliolelewa Unguja, Pemba na Mombasa tulifunzwa tangu utotoni kwamba mtu mzima hapandishi sauti mbele ya watu. Mafunzo hayo tulikuja nayo hapa Maskati, na wale tuliojaaliwa vyeo yametusitiri sana ofisini. Lakini lipo suala linalonisumbua. Mtu anayenyamaza mkutanoni huku moyo unachemka, je, ametulia au ameficha? Na kama ameficha, anayeumia ni nani?

Nianze na kisa changu mwenyewe. Nilikuwa meneja katika kampuni moja ya matengenezo. Mwezi wa Juni, joto limepamba moto, viyoyozi vya jengo moja la Ruwi vilisimama siku tatu. Mkutanoni mkurugenzi akaniuliza mbele ya mafundi wote: "Kazi hii ina msimamizi kweli?" Masikio yakanipata moto, taya zikakaza. Sikujibu ovyo. Nikaukausha uso, nikawa natikisa kichwa kila mtu alipozungumza, mwisho nikasema, "Sawa, tuendelee." Nikatoka nikijisifu kwa subira.

Siku mbili zikapita, viyoyozi bado. Nikamwita fundi mkuu, kijana wa Tanga, nikamuuliza kwa nini kompresa haijafungwa. Akainamisha macho. "Mzee, nilisema palepale mkutanoni. Kompresa imeshafika, iko bandarini Sohar, inangoja barua yenye saini yako." Kumbe alisema, na wenzake wote walisikia. Mimi niliyekaa hatua mbili kutoka kwake sikusikia.

Jambo hili wataalamu wamelipima. Mwaka 2000 Jane Richards na James Gross wa Marekani walionyesha kwamba mtu anayeambiwa afiche hisia zake zisionekane usoni hukumbuka machache katika yale aliyoambiwa wakati huo. Kazi ya kuulinda uso hula akili ile ile inayohitajika kusikilizia. Mwaka 2003 Emily Butler na wenzake wakaona jingine: wawili wakizungumza, mmoja akificha hisia zake, presha ya damu ya yule mwenziwe hupanda, ingawa yeye hajui linalofichwa. Basi pazia tunalolivuta usoni halimsitiri mtu. Linatuziba masikio sisi, na linamtia wasiwasi aliye mbele yetu.

Siku ile nilijiambia kuwa nina hasira. Nilipolifikiri baadaye nikaona si hasira, ni fedheha, kwa kuwa niliulizwa mbele ya watu walio chini yangu. Tofauti hii ina maana. Hasira hutafuta wa kumlaumu, fedheha hutafuta pa kujificha, na mimi nilijificha nyuma ya uso mkavu. Tangu hapo nina desturi. Masikio yakianza moto, na hiyo ndiyo dalili yangu (mwengine itakuwa tumbo au mikono), naandika pembeni mwa karatasi jina la kile ninachokihisi, kwa Kiswahili: hofu, uchungu, wivu, fedheha. Mkutano unaendeshwa kwa Kiingereza, lakini moyo wangu una lugha yake. Kisha natoa pumzi polepole mara tatu, kutoa kukizidi kuvuta. Halafu namrudishia msemaji maneno yake: "Umesema kompresa iko Sohar, inangoja barua. Sivyo?" Hapo ndipo ninapojipima. Nikishindwa kuyarudia, basi sijatulia hata uso wangu ukiwa kama maji ya mtungini. Nasema wazi, "Suala hili limenigusa, tupumzike dakika kumi."

Dawa hii ina mpaka wake. Kama mkurugenzi amenionea kweli, kupumua hakuondoi uonevu. Kunanipa tu nafasi ya kumwambia hivyo kwa maneno ambayo sitayajutia.

Na upo upande wa haki. Utulivu wa meneja na utulivu wa fundi si kitu kimoja. Mgeni hapa Oman ukaazi wake umefungamana na mwajiri. Hadi mwishoni mwa 2020 alihitaji barua ya kutopingwa kutoka kwa mwajiri wake ndipo ahamie kwa mwengine. Barua hiyo iliondolewa kuanzia Januari 2021, lakini ukaazi bado uko mkononi mwa anayemuajiri. Mtu wa hali hiyo akinyamaza mkutanoni, mimi nitajuaje kama ametulia au anaogopa? Meneja anayejivunia mikutano isiyo na kelele na ajiulize: wiki hii ni nani aliyeniletea habari mbaya kabla sijamuuliza? Kama hakuna, ule si utulivu.

Nilimuuliza yule kijana kwa nini hakunikumbusha baada ya mkutano. Alisita kidogo, kisha akasema, "Mzee, nilikutazama usoni."