Nyoka wa Shaba na Altare ya Chumbani Kwako



Kijana Mkatoliki anayepanga chumba na mwenzake Mlokole hachukui muda mrefu kabla ya kuulizwa: "Sasa huu msalaba na mshumaa ni vya nini? Si Mungu alikataza sanamu?" Wengi wetu tunajibu haraka, "Ni ukumbusho tu," halafu tunabadilisha mada. Jibu hilo ni la kweli, ila lile neno "tu" limefunika mambo. Ukumbusho wa nini hasa? Na utajuaje siku kitu kile kitakapokuwa kimeacha kukukumbusha na kimeanza kazi nyingine kabisa?

Biblia yenyewe inatupa kisa cha kitu kimoja kilichopitia hali zote mbili. Kwenye kitabu cha Hesabu, sura ya 21, Waisraeli wanaumwa na nyoka jangwani. Mungu anamwamuru Musa atengeneze nyoka wa shaba na kumweka juu ya mti, ili aliyeumwa amtazame, apone. Kwa hiyo Mungu yuleyule aliyekataza sanamu ndiye aliyeagiza kitu hiki kitengenezwe. Lakini ukifungua Wafalme wa Pili 18:4, mamia ya miaka baadaye, unamkuta mfalme Hezekia akimvunjavunja nyoka yuleyule. Kwa nini? Kwa sababu watu walikuwa wanamfukizia uvumba, na hata jina wakampa, Nehushtani.

Hebu tazama vizuri. Shaba ni ileile, umbo ni lilelile. Kilichobadilika ni jinsi watu walivyomtazama. Jangwani jicho lilimpitia nyoka likaenda kwa Mungu. Wakati wa Hezekia jicho lilifika kwa nyoka likatulia hapo. Kitabu cha Hekima, sura ya 16, kinalieleza jambo hilo wazi: aliyemgeukia nyoka hakuokolewa na alichokiona, aliokolewa na Mwokozi wa wote.

Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba ishara ni kitu ambacho, mbali na kugusa hisi zetu, kinatuletea akilini kitu kingine. Ukiona moshi, unawaza moto. Mtakatifu Thoma wa Akwino akaendeleza wazo hilo kuhusu picha takatifu: mwendo wa moyo unaoielekea picha kama picha hauishii kwenye picha, unakwenda kwa yule anayeonyeshwa. Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya kila kitu unachotaka kukiweka ni moja: hiki kinanipeleka wapi?

Tuchukue mfano. Binti mmoja wa chuo anaishi chumba kimoja na mwenzake. Kuna vitanda viwili, jiko la gesi mlangoni, nguo zinaning'inia kila mahali. Anataka altare ndogo. Kwanza aelewe kwamba jina hilo tumeliazima. Altare ya kanisani ni meza ya sadaka ya Misa. Nyumbani hatutoi sadaka hiyo wala hatutunzi Ekaristi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2691, inazungumzia kona ya sala yenye Maandiko Matakatifu na picha takatifu. Kona inamtosha.

Anachagua ukuta ulio mbali na jiko, na mbali na chandarua na pazia. Anaweka kigoda, anatandika kitambaa cheupe kinachofulika. Juu yake ukutani anapigilia msumari kwa urefu ambao, akiwa amepiga magoti, macho yake yanafika bila kuinua shingo. Hilo si jambo dogo. Kitu kilichowekwa juu karibu na dari, kati ya kalenda na picha za wasanii, macho hukizoea mapema.

Kwenye msumari anatundika msalaba wenye sura ya Yesu aliyesulibiwa. Yesu mwenyewe, akiongea na Nikodemo katika Injili ya Yohane sura ya 3, alijilinganisha na yule nyoka wa jangwani: kama nyoka alivyoinuliwa, ndivyo Mwana wa Mtu atakavyoinuliwa. Basi msalaba unamkumbusha binti huyu mambo mawili. Kwanza, kuna aliyempenda kabla hajafaulu chochote. Pili, upendo ule una gharama. Kama jana usiku alimsema vibaya mwenzake wa chumba, hawezi kupiga magoti pale kwa raha. Hapo ishara inafanya kazi yake: inamwinua na kumtuma akaombe msamaha kitanda cha pili. Chini ya msalaba anaweka Biblia, imefunguliwa kwenye Injili ya siku. Kila siku inabidi afungue ukurasa mwingine. Biblia iliyokaa wiki tatu kwenye ukurasa uleule imeanza kuwa pambo, na vumbi lililo juu yake litamwambia hivyo.

Kitu cha tatu ni mshumaa, uliobandikwa kwenye kisahani cha bati chenye mchanga. Mshumaa wa nyumbani unakumbusha ule wa ubatizo, uliowashwa kutoka mshumaa wa Pasaka, akakabidhiwa mzazi au msimamizi wako wakati wewe hujui lolote. Unakumbusha pia kwamba mwanga haupatikani bila kitu kupungua. Wengine hubarikiwa mishumaa yao kanisani tarehe 2 Februari, sikukuu ya Kutolewa kwa Bwana Hekaluni. Wengine husubiri paroko akipita kubariki nyumba. Msituletee sisi mafrateri. Kabla ya ushemasi baraka hiyo si yetu.

Na hapa kwenye mshumaa ndipo Nehushtani anapoingia kirahisi. Tuseme binti yetu ana mtihani. Anawasha mshumaa, anatoka haraka kwenda chuoni, anauacha unawaka "umwombee". Ukiacha hatari ya kuunguza nyumba ya watu, angalia kilichotokea kwenye wazo lake. Ishara imegeuka mfanyakazi. Yeye hajasali wala hajasoma, ila kuna kitu kinasali badala yake. Katekisimu, namba 2111, inaita ushirikina ile hali ya kuhesabu kwamba sala au ishara inafanya kazi kwa tendo la nje peke yake, bila moyo ambao tendo hilo linaudai. Baraka ya padre haiufanyi mshumaa kuwa dawa. Visakramenti, kwa sala ya Kanisa, vinatuandaa kupokea neema na kushirikiana nayo. Asiyekuwepo ataandaliwaje? Kwa hiyo kanuni yake iwe rahisi: anauwasha anapoanza kusali, anauzima anapomaliza.

Kitu cha nne ni kigumu zaidi, nacho ni picha ya bibi yake marehemu, aliyemlea. Aiweke? Nadhani ndiyo, lakini pembeni na chini ya msalaba. Nafasi inasema kitu. Ikikaa katikati, inasema bibi ndiye tunayemwendea. Ikikaa pembeni, inasema mimi na bibi tunatazama upande mmoja. Hatumtangazi mtu wetu kuwa mtakatifu kabla Kanisa halijasema. Tunamwombea, hasa Novemba, mwezi wa marehemu wote. Na picha hiyo iwe na deni ndani yake. Inamkumbusha kumwombea bibi, na inamkumbusha yule shangazi aliyekosana naye msibani kwa sababu ya vyombo vya marehemu. Akianza kuogopa kwamba asipoisafisha picha bibi atakasirika, au akianza kuinong'oneza shida ambazo hazipeleki kwa Mungu, ajue kwamba jicho limetulia mahali lisipopaswa kutulia.

Utajipimaje? Mimi naona kipimo kinachofaa ni kuuliza maswali mawili. La kwanza: kitu hiki kikivunjika leo, nitasikitika au nitaogopa? Kusikitika ni sawa, maana tunapenda kwa macho na mikono pia. Lakini ukiogopa kwamba balaa litakupata kwa kuwa rozari imekatika, umeivaa kama hirizi. Rozari iliyobarikiwa ikiharibika kabisa haitupwi jalalani. Inachomwa au inafukiwa kwa heshima, na maisha yanaendelea. La pili: mwezi huu kitu hiki kimenituma kufanya nini? Kama hukumbuki hata jambo moja, kiondoe kwa muda. Ndiyo, kiondoe. Altare yenye sanamu saba, maua ya plastiki na chupa nne za maji ya baraka ina vitu vingi, lakini mara nyingi mwenyewe haoni hata kimoja. Rudisha kimoja kimoja, kila kimoja na kazi yake.

Mwenzake Mlokole naye asichukuliwe kama adui. Swali lake ni swali la Hezekia, na Hezekia alikuwa mfalme mwema. Tofauti yetu ni kwamba hatuhitaji kuvunja kila nyoka wa shaba ili tusimwabudu. Tunahitaji kujiuliza mara kwa mara tunamtazamaje. Binti yetu anaweza kumjibu hivi: "Una haki ya kuuliza. Siku ukiniona napiga magoti hapa halafu nakunyima chumvi, niambie kwamba hii imekuwa sanamu." Jibu hilo ni la hatari kidogo, maana mwenzake atalikumbuka.

Kitu cha mwisho anakipata Jumapili ya Matawi: jani la mtende, analolichomeka nyuma ya msalaba. Siku ya kwanza ni la kijani, linakumbusha watu waliopiga kelele za hosana na siku chache baadaye wakataka asulibiwe. Wiki zinapita, jani linakauka, linakuwa la kahawia. Kabla ya Kwaresima inayofuata paroko anatangaza matawi ya zamani yarudishwe. Yanachomwa, na majivu yake ndiyo tunayopakwa Jumatano ya Majivu. Kanisa limetupa ukumbusho, halafu lenyewe linauchukua na kuuchoma, bila mtu kulia wala kuogopa. Ukimpelekea paroko jani lako, nyuma ya msalaba patabaki wazi kwa wiki kadhaa. Paache hivyo mpaka Jumapili ya Matawi ifike tena.