Picha Mbaya ni Kosa la Nani?

Hapa Kigali nilipewa nihakiki kitabu kuhusu imigongo, michoro ya samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, yenye asili ya Gisaka, mashariki mwa Rwanda. Hoja ya mwandishi ni kwamba uzuri wa sanaa hii umo katika matuta yanayoinuka, si katika rangi. Lakini picha zimepigwa kwa mwanga wa mbele: matuta yamepotea, na pembetatu nyeusi na nyeupe zinaonekana kama zimechapwa kwenye kitenge. Mwanga wa ubavuni ungeyapa kivuli.

Je, ni haki kumlaumu mwandishi kwa kazi ya mpiga picha? Nadhani si haki. Niliandika tu kwamba hoja inavutia, ila msomaji hawezi kuithibitisha kwa picha hizo.

Nilimlaumu kwa jambo jingine. Anazungumzia kuta za nyumba za kale, ilhali vielelezo vyake ni mbao za kuuzia wageni, bila vipimo wala mwaka. Ubao wa juzi hauwezi kuutolea ushahidi ukuta wa karne ya 19. Vielelezo hivyo alivichagua mwenyewe, na kunyamaza kwa kumwonea huruma kungekuwa kumdanganya mwanafunzi atakayekinunua kitabu.