Gorogoro Moja kwa Kaunti Zote?

Mwaka jana nilichora picha ambayo kila nambari ndani yake ilikuwa ya kweli, na bado ikawadanganya watu wanane walioketi kwenye meza moja. Hakuna aliyenilaumu. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Shirika moja lilikuwa na pesa za kujenga madarasa, na pesa hazikutosha kaunti zote nne zilizokuwa kwenye orodha yake. Nikaombwa nionyeshe jinsi idadi ya watu ilivyokua kati ya sensa ya 2009 na ile ya 2019. Nairobi ilitoka watu 3,138,369 hadi 4,397,073. Isiolo ilitoka 143,294 hadi 268,002. Lamu ilitoka 101,539 hadi 143,920. Vihiga nayo ilitoka 554,622 hadi 590,013. Basi. Nambari nane tu. Nani angekosea hapo?

Nilichagua kuchora vidirisha vinne vilivyopangwa sambamba, kila kaunti na chake, kila kimoja na mstari mmoja unaotoka 2009 kwenda 2019. Ni mtindo wa kawaida siku hizi. Mmarekani Edward Tufte aliutetea sana katika kitabu chake cha 1983 kuhusu michoro ya takwimu, na sababu yake ni rahisi: ukishajifunza kusoma kidirisha kimoja, umejua kuvisoma vyote. Jicho linaruka kutoka kimoja hadi kingine bila kuanza upya.

Lakini kabla ya kuchora, kuna swali ambalo kompyuta inakujibia bila hata kukuuliza. Je, vidirisha vyote vitumie skeli moja kwenye mhimili wa wima, au kila kimoja kiwe na skeli yake? Mimi hutumia R na ggplot2, na tofauti ni maneno machache tu:

```
facet_wrap(~ kaunti)
facet_wrap(~ kaunti, scales = "free_y")
```

Mstari wa kwanza unavipa vidirisha vyote skeli moja. Wa pili unakiacha kila kimoja kijipimie. Na usidhani programu zote zinakubaliana. Usiposema lolote, ggplot2 inakupa skeli ya pamoja, lakini `plt.subplots` ya Matplotlib inakupa skeli huru mpaka uiambie `sharey=True`. Manake watu wawili wenye data ileile, kila mmoja akiwa hajachagua chochote, wanaweza kutoa picha mbili zinazopingana. Na wote wawili wataapa kwamba wao wamechora tu.

Nilianza na skeli ya pamoja, kutoka sifuri hadi milioni tano. Tuseme kila kidirisha kina kimo cha sentimita tano, yaani sentimita moja kwa kila watu milioni moja. Mstari wa Nairobi ulipanda zaidi kidogo ya sentimita moja. Wa Isiolo ulipanda milimita moja na kitu. Wa Lamu haukufika hata nusu milimita, ambayo ni kama unene wa mstari wenyewe. Mwenzangu ofisini, ambaye kwao ni Isiolo, alisimama nyuma yangu akaitazama skrini kwa muda. Kisha akasema, "Kwa hivyo sisi hatukuzaa?"

Nilicheka, lakini neno lake lilinichoma. Isiolo ilikuwa imekaribia kuongezeka maradufu kwa miaka kumi. Shule ambayo 2009 ilikuwa na darasa lililojaa, 2019 ilihitaji karibu madarasa mawili. Na mimi nilikuwa nimeichora kama sakafu. Skeli ya pamoja haikusema uongo. Ilijibu vizuri kabisa swali la ni wapi watu wengi zaidi waliongezeka, na jibu ni Nairobi, zaidi ya watu 1,250,000. Shida ni kwamba hilo halikuwa swali letu. Pale ambapo mmoja ni mkubwa kuliko wengine kwa mbali, skeli ya pamoja huwageuza wadogo kuwa kimya, na mtazamaji husoma kimya hicho kama habari: huko hakuna kinachoendelea.

Basi nikaongeza `free_y`, nikihisi kwamba natenda haki. Kila kaunti ikapata nafasi yake. Picha ikapendeza, ikajaa, mistari yote ikapanda vizuri. Nikaipeleka mkutanoni.

Hapo ndipo niliposikia mmoja wa wakubwa akisema, "Kumbe Vihiga nayo imefurika hivi! Inapanda sawasawa na Isiolo." Wengine wakaitikia. Mtu akaanza kuandika Vihiga na Isiolo kwenye mstari mmoja wa foleni. Nikaangalia ukutani, nikaona walichokiona wao. Mistari minne ilikuwa inafanana kabisa.

Si kwa bahati. Ilikuwa lazima ifanane. Ukiiachia ggplot2 skeli huru, mhimili wa kila kidirisha huanza karibu na nambari ndogo kabisa iliyo ndani yake na kuishia karibu na ile kubwa, pamoja na nafasi kidogo ya asilimia tano juu na asilimia tano chini. Ukiwa na sensa mbili tu na kaunti iliyokua, mstari utatoka pembe ya chini kushoto kwenda pembe ya juu kulia. Daima. Isiolo ilikua kwa asilimia 87. Vihiga ilikua kwa asilimia 6. Zote mbili zilichorwa kwa mteremko uleule, sentimita nne na nusu kati ya tano. Picha yangu haikuwa na habari yoyote tena, isipokuwa kwamba kila kaunti iliongezeka. Habari zote nyingine zilihamia kwenye tarakimu ndogo za pembeni, ambazo hakuna mtu anayezisoma kutoka upande wa pili wa meza.

Yeyote aliyenunua mahindi au maharagwe sokoni anaijua hila hii. Gorogoro ni kipimo cha watu wote, hakuna anayeuliza ni kilo ngapi. Ila kuna wachuuzi wanaoibonyeza kitako kwa ndani. Ukiitazama kwa juu imejaa mpaka imefura, lakini chini kuna hewa uliyoilipia. Mhimili usioanzia sifuri ni gorogoro iliyobonyezwa. Na skeli huru ni duka lenye gorogoro nne, kila moja imebonyezwa kwa kiasi chake, zote zimepangwa kaunta moja, na mteja hajaambiwa.

Hapo, naona, ndipo swali la uaminifu lilipo. Zamani nilidhani picha ni kweli ikiwa nambari zake ni za kweli. Sasa nadhani picha inasema mambo mawili. Nambari zinasema lao, na mpangilio unasema lake. Kupanga vidirisha sambamba ni ahadi. Ni kumwambia mtazamaji: linganisha hivi. Naye, mstaarabu, analinganisha kimo kwa kimo na mteremko kwa mteremko, kwa sababu ndivyo ulivyomwalika. Ukishabadilisha kipimo kati ya kidirisha na kidirisha, umemwalika kwenye ulinganisho ambao hauwezekani. Kusema "lakini niliandika tarakimu pembeni" ni sawa na mchuuzi kusema "lakini ungeingiza mkono ukaangalia."

Mtu atauliza, kwa hivyo skeli huru ni dhambi? La. Kuna wakati ndiyo ya haki. Kama kila kidirisha kina kitu tofauti, kimoja mvua kwa milimita na kingine bei ya unga kwa shilingi, hakuna skeli ya pamoja inayowezekana. Na kama swali lako ni umbo, kwa mfano ni mwezi gani kila mji hupata mvua nyingi zaidi, skeli huru itakuonyesha hata mji mkavu una majira yake. Hapo hulinganishi kimo, unalinganisha wakati. Alimradi mtazamaji ajue.

Kwa kaunti zangu, dawa ilikuwa ndogo kiasi cha kuniaibisha. Swali letu lilikuwa la uwiano: kila kaunti imekua kwa kiasi gani ikilinganishwa na yenyewe? Niliacha kilele cha kila mhimili kiwe huru, lakini nikalazimisha kitako kiwe sifuri:

```
facet_wrap(~ kaunti, scales = "free_y") +
  expand_limits(y = 0)
```

Gorogoro zikabaki za ukubwa tofauti, lakini hakuna iliyobonyezwa. Ghafla kila mstari ukasema neno lake. Wa Vihiga ulianza karibu na juu, kwenye asilimia 94 ya mwisho wake, ukaenda karibu sambamba na ardhi. Wa Isiolo ulianzia katikati ukapanda. Halafu kukatokea jambo ambalo picha zote mbili za mwanzo zilikuwa zimelificha: Nairobi na Lamu zilifanana. Moja ilikua kwa asilimia 40 na nyingine kwa 42. Kaunti yetu iliyo kubwa kuliko zote kwa watu, na ile iliyo ndogo kuliko zote, zilikua kwa kasi karibu moja. Kwenye skeli ya pamoja moja ilikuwa mlima na nyingine sakafu. Kwenye skeli huru zilifanana, lakini zilifanana na kila kitu, kwa hivyo mfanano wao haukuwa na maana.

Ningeweza pia kuipa kila kaunti 100 kwa mwaka wa 2009, kisha nichore zote kwenye skeli moja: Vihiga 106, Nairobi 140, Lamu 142, Isiolo 187. Ni jibu lilelile, na pengine ni la wazi zaidi. Lakini hata hilo lina kimya chake. Asilimia 40 ya Nairobi ni watu milioni moja na robo wanaohitaji madarasa. Asilimia 42 ya Lamu ni watu elfu arubaini na mbili. Uwiano unampa mdogo sauti, na kwa sauti hiyohiyo unaupunguza mzigo wa mkubwa. Hakuna picha moja inayoweza kusema yote mawili kwa jicho. Ndiyo maana sasa naandika swali juu ya picha, kabla ya jina la data: "Kila kaunti imekua kwa asilimia ngapi?" Ukisoma swali, unajua pia ni lipi halikuulizwa.

Nimejipa jaribio moja pia. Nazifunika tarakimu zote kwa karatasi, namwita mtu ambaye hajaiona data, namuuliza: unaona nini? Akisema jambo ambalo nambari zinalikana, narudi mezani, hata kama kila nukta iko mahali pake.

Ile siku mkutanoni ilibidi niinue mkono niseme, "Samahani, picha hii inawapotosha, na ni mimi niliyeichora." Kukawa na kimya. Yule mkubwa akaniuliza, "Kwani nambari si za kweli?"

Nikamwambia ni za kweli. Kisha nikatembea hadi ukutani, nikaweka kidole kwenye kitako cha mhimili wa Vihiga, na nikamwomba anisomee kilichoandikwa hapo.