Harufu Iliyosingiziwa Maji ya Kisima

Mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi kando ya barabara ya Namanga, pale Kitengela, aliona wateja wakirudi nyuma kidogo kila anapowasogelea kuwaonyesha bei. Kinywa kilikuwa kinanuka, naye alilijua hilo. Alipiga mswaki asubuhi na usiku, akatafuna chingamu mchana kutwa, lakini wapi. Ulimi ulikuwa na utando mweupe mzito, mdomo mkavu hata usiku wa manane. Ukavu huo akayatwika maji ya kisima, ambayo yana chumvi na kila mpangaji huyalalamikia. Akaacha kuyanywa, akawa anakata kiu kwa soda.

Watu wa Kajiado wamezoea kuyashtaki maji, na wana haki kwa kiasi fulani. Visima vingi vya huku vina floraidi nyingi, na mtoto anayekua akiyanywa maji hayo meno yake hutoka na madoa ya kahawia. Ila madoa hayo hayanuki, na kuyasugua kwa jivu au makaa kunaumiza meno bure.

Kuutazama ulimi hakukuwa kosa, kwa maana harufu nyingi za kinywa huanzia kinywani humo humo. Kule nyuma ya ulimi, mabaki ya chakula na seli zilizokufa hukwama kwenye vijishimo, bakteria wakazila na kutoa gesi zenye salfa, zile zinazonuka kama yai viza. Kujipima ni rahisi: kwangua sehemu ya nyuma kwa kijiko safi, kiache kikauke kidogo, kisha kinuse. Kikinuka, safisha ulimi kila siku kwa upole kutoka nyuma kuja mbele, na upitishe uzi katikati ya meno. Utando ukitoka kama maziwa yaliyoganda na kuacha nyama nyekundu inayowasha, huenda ni fangasi, na mkwaruzo hautautibu.

Utando wa huyu bwana ulirudi kila asubuhi. Swali alilopaswa kujiuliza ni mate yake yalikwenda wapi, kwa kuwa mate ndiyo yanayoosha kinywa siku nzima. Yeye alikuwa akiamka mara kadhaa usiku kwenda haja ndogo, na mshipi wake ulikuwa umeongezwa tundu. Sukari ikizidi katika damu, figo huimwaga kwenye mkojo, nayo hutoka na maji ya mwili. Kila chupa ya soda ilimwongezea sukari na kiu ikazidi. Kwenye duka la dawa alijieleza kuwa ana vidonda vya tumbo, akauziwa dawa ya asidi. Wengi wetu huamini harufu hutoka tumboni, ilhali ni nadra.

Baadaye harufu ikabadilika. Mama wa saluni ya jirani ndiye aliyeitambua: "Mzee, mbona pumzi yako inanukia kama dawa yangu ya kutoa rangi ya kucha?" Mkewe hakuwa ameisikia, na hilo si uzembe, kwa kuwa pua za baadhi ya watu haziitambui kabisa. Ni harufu ya asetoni. Mwili uliokosa insulini hushindwa kuitumia sukari, ukaanza kuchoma mafuta, na tindikali zake hujaa kwenye damu. Mtu aliyefunga naye hunukia hivyo kidogo bila hatari, lakini yeye hana kiu isiyokatika wala hakojoi usiku kucha.

Alipoanza kutapika na kuhema kwa nguvu kama aliyekimbia, walimkimbiza hospitali. Mashine ndogo ya kupima sukari iliandika `HI`, yaani kiwango kimepita kile inachoweza kusoma, ambacho kwa mashine nyingi ni karibu milimoli 33 kwa lita. Kwa mwenye dalili kama zake, 11.1 tu ingetosha kumwambia ana kisukari. Aliwekewa maji ya mshipa na insulini, huku potasiamu ikichunguzwa, maana insulini huishusha na moyo ukayumba.

Kinywa kikisafishwa vizuri kwa wiki mbili na harufu ibaki, nenda kwa daktari wa meno. Asipoona kitu, omba daktari akuchunguze pua, koo na mapafu, na akupime sukari na figo. Figo zinazoshindwa huleta harufu ya mkojo. Mtoto anayenuka na kutokwa usaha tundu moja la pua huenda ameingiza harage humo. Harufu ya asetoni pamoja na kutapika, kuhema au kusinzia haisubiri kesho.

Sasa bwana huyu huhudhuria kliniki ya kisukari mjini Kajiado. Daktari wa meno pia alimkuta na ukoga mgumu na fizi zinazotoka damu. Sukari ya juu huharibu fizi, na fizi zenye uambukizi hufanya sukari iwe ngumu kushuka, kwa hiyo tarehe ya kusafishwa meno sasa imeandikwa kwenye kadi ile ile ya kliniki.