WAZO LA LEO: Mtaji Unaotaga

Qurani, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 275, inahalalisha biashara na kuharamisha riba. Nawe wa Tarime au Serengeti uliyeamua kutokopa kwa riba, chagua biashara ambayo mtaji wake huzaa wenyewe. Kuku wa kienyeji ni mfano mzuri.

Anza na mitetea watatu na jogoo mmoja. Kila mtetea mlazie mayai kumi, utasubiri siku 21. Tuseme wameangua vifaranga 24. Wafunike kwa tenga mwezi wa kwanza, maana ukiwaachia mapema, mwewe na baridi watakumalizia. Wakibaki 15, baada ya miezi kama sita uza majogoo mnadani, na mitetea wabakize. Hiyo ndiyo nyongeza ya mtaji ambayo mwenzako angeifuata kwa mkopeshaji.

Adui mkubwa ni kideri. Ukiona kinyesi cha kijani, mbawa zimelegea na shingo imepinda, umeshachelewa, kwani hakina tiba. Chanja mapema kwa tone moja jichoni, na urudie kila miezi mitatu. Kwa kuwa chupa moja huchanja kuku wengi, changeni na majirani.

Njia hii ni ya polepole, haimfai anayetaka fedha wiki hii. Kwa hiyo usiache kibarua chako, na usiuze mtetea anayetaga ili ulipie sherehe. Kuku huyo ndiye benki yako.