Siku Huna Kondoo, Leta Unga

Neno kuu: Mambo ya Walawi 5:7–13 na 6:8–13



Wengi wetu tulitoka mkesha wa mwaka mpya na mpango wa kusoma Biblia sura 3 kila siku. Hebu tupige hesabu kidogo. Mwanzo ina sura 50, Kutoka ina 40. Ukisoma 3 kila siku, Januari 31 unamaliza Walawi sura ya 3, na Februari 1 unasoma ya 4, ya 5 na ya 6. Hapo ndipo Biblia nyingi hurudi kabatini. Habari za Yusufu na Bahari ya Shamu zimeisha, tumebaki na figo, mafuta na majivu. Ile ari ya mkesha nayo imepoa. Lakini wapendwa, dawa yetu iko ndani ya sura hizo hizo tunazoziruka.

Mungu aliweka kipimo cha siku ngumu

Sura ya 5 inazungumza juu ya sadaka ya dhambi. Mtu alete kondoo au mbuzi. Asipoweza, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Na hao pia wakimshinda? Alete sehemu ya kumi ya efa ya unga, karibu lita mbili hivi. Sasa tazama: aliyeleta ndege anaambiwa atasamehewa, na wa unga vilevile. Mungu hakumwambia maskini asubiri mpaka apate kondoo.

Sisi tunajiwekea kondoo peke yake. Ni sura 3 au basi. Chukua mfano wa mama anayeuza sukuma wiki sokoni. Amepanga kusoma saa tatu usiku, watoto wakilala. Jumatatu analala na Biblia kifuani. Jumanne ana sura 6. Mtoto anaugua, na kufika Jumamosi amelimbikiza 18. Nani atasoma sura 18 baada ya kutoka sokoni? Anafunga kitabu, na anaona haya hata kuomba.

Mama huyu anahitaji unga wake, na aupime mapema, kabla siku mbaya haijafika. Kwa mfano aya 5, na ombi la sentensi moja. Akiweza sura 3, asome 3. Siku imemlemea, alete aya 5, na siku hiyo ihesabiwe kuwa amefika madhabahuni.

Lakini tusidanganyane: unga haukuwa wa mwenye kondoo. Ukiona umeleta unga wiki nzima mfululizo, jiulize kama ni siku ndizo ngumu, au ni saa uliyochagua ndiyo mbaya.

Kuni ziwekwe asubuhi

Sura ya 6 inaagiza moto wa madhabahu usizimike. Unabakije? Kuhani aweke kuni kila asubuhi. Hakuulizwa kama anajisikia. Kazi ilikuwa na saa yake na mahali pake.

Yule mama hana saa tatu usiku, usingizi umeshaichukua. Lakini kila asubuhi, hata asubuhi mbaya, anabandika maji ya chai. Biblia ikae pale karibu na thamosi. Maji yakiwa jikoni, anasoma. Chai haisahauliki, kwa hiyo Neno limepata wa kulikumbusha.

Majivu yatolewe

Kabla ya kuni mpya, kuhani alizoa majivu ya usiku, akabadilisha mavazi na kuyapeleka nje ya kambi. Majivu yakirundikana, moto hukosa hewa. Zile sura 18 ni majivu. Usizibebe. Acha kufuata tarehe za ratiba, weka alama ya penseli ulipofikia, na kesho uendelee hapo. Biblia ina sura 1,189. Ukimaliza mwaka ujao mwezi wa tano, Mungu hatakutoza faini.

Na tukumbuke, Walawi 9:24 inasema moto wenyewe ulitoka kwa Bwana. Makuhani hawakuuanzisha, walileta kuni. Hatusomi ili tupendwe. Tumeshapendwa msalabani, ndiyo maana hata unga wetu unapokelewa.

Ya kufanya wiki hii

Andika kwenye karatasi moja: saa yako ya kuni na kitu utakachoifunga nayo; kipimo chako cha unga; na mahali alama yako ya penseli ilipo leo. Mwonyeshe mtu mmoja katika ushirika wa nyumbani, naye akuulize Alhamisi. Asikuulize umesoma sura ngapi. Akuulize kama kuni ziliwekwa.

Ombi: Bwana, moto ni wako. Tusaidie kuleta kuni asubuhi, na siku tusipokuwa na kondoo, tusione haya kuleta unga. Katika jina la Yesu, amina.